Lebo Imejaa Mawimbi Baada ya Kuskani? Ondoa Vitone Kwanza, Ndipo Ubadilishe Maandishi

Leo tuongee kitu ambacho kimewala wengi hela kimyakimya: una lebo ya zamani ya karatasi, faili lake halipo, na unataka kubadilisha maandishi machache tu. Unaiskani, unafuta, unaandika upya, unachapa. Lebo zinarudi na mawimbi ya ajabu juu ya picha, na pale ulipofuta panaonekana kiraka.

Nitawaeleza kupitia kazi ya dada mmoja wa Kerege, pale barabara ya Bagamoyo ukishapita Mapinga. Anatengeneza achari ya embe, anauza kwa simu na kutuma mizigo Dar. Lebo yake ya kwanza ilichapwa Kariakoo kwa mashine ya ofseti, nzuri kabisa: picha ya embe lililokatwa, mandharinyuma ya rangi ya chungwa inayofifia kuelekea chini, jina la bidhaa, ujazo na namba ya simu. Baadaye akabadilisha namba. Aliyemchorea lebo hapatikani tena, na faili halikuwahi kufika mikononi mwake. Alichobaki nacho ni lebo kumi na kitu ambazo hazijabanduliwa.

Akaenda kuskani kwenye steshenari, picha ikatumwa WhatsApp kwa kijana wa kumbadilishia namba, kazi ikaisha siku hiyohiyo. Akachapa lebo 400. Zilipofika, embe lilikuwa na mistari kama maji yaliyotikiswa, na nyuma ya namba mpya kuna mstatili wa chungwa uliolala peke yake. Mteja mmoja akamuuliza kama hiyo achari ni ya kwake kweli au mtu anaiga bidhaa yake. Hilo ndilo lililomuuma kuliko hela ya kuchapa.

"Kaka, si wameskani vizuri tu? Mbona kwenye simu ilikuwa safi?" aliniuliza.

Tuanzie hapo.

KWA NINI MAWIMBI YANATOKEA

Chukua lebo yoyote ya ofseti, au jarida, iweke karibu kabisa na kamera ya simu yako na uikuze. Utaona kwamba lile chungwa siyo rangi iliyopakwa kama rangi ya ukutani. Ni vitone vidogo vidogo, vimepangwa kwa safu. Mashine ina wino wa aina nne: samawati, zambarau-nyekundu, njano na nyeusi. Haina wino wa chungwa. Inachapa vitone vya njano na vya zambarau-nyekundu karibukaribu, jicho lako ndilo linaloviunganisha kuwa chungwa. Panapotakiwa rangi nzito vitone vinakuwa vinene, panapotakiwa rangi hafifu vinakuwa vyembamba.

Skana nayo inasoma karatasi kwa safu zake, pikseli kwa pikseli. Sasa una safu za vitone na safu za pikseli, zimelaliana. Chukua vyandarua viwili, uvilaze kimoja juu ya kingine, halafu ukizungushe kimoja kidogo. Yale mawimbi makubwa unayoyaona hayamo kwenye chandarua cha kwanza wala cha pili. Yamezaliwa na kule kulaliana. Kwenye skani ni vilevile, na wachapaji wanayaita muare.

Ili skana iweze kukinakili kitone kama kilivyo, inahitaji zaidi ya pikseli mbili kwa kila hatua ya kutoka kitone kimoja hadi cha pili. Ikiwa na chache kuliko hapo, inabahatisha: mara inakipata kitone, mara inapata nafasi nyeupe iliyo kando yake, na kule kupata na kukosa ndiko kunakochora wimbi. Lebo ya yule dada iliskaniwa kwa 200 dpi. Tulipokuja kuipima vizuri, tuligundua kila hatua ilipata pikseli moja na nusu tu. Haikuwa na nafasi ya kutoka salama. Kisha WhatsApp ikaipunguza tena picha, na kila kupunguza picha ambayo bado ina vitone ni kulaza chandarua kingine juu.

Kwenye simu aliiona safi kwa sababu aliiona ndogo, na kwa haraka. Kilichochapwa ndicho kilichosema ukweli.

KWA NINI LAZIMA IWE KABLA YA KUGUSA MAANDISHI

Wengi wanaanza kufuta namba, halafu mwisho ndiyo wanahangaika na mawimbi. Ukianza hivyo utakwama sehemu mbili.

Kwanza, rangi. Ukichukua kile kifaa cha kunyonya rangi ukagusa mandharinyuma, hukupata chungwa. Umepata kitone kimoja: labda njano tupu, labda wekundu, labda weupe wa karatasi. Ndiyo maana kiraka cha yule dada kilikuwa chungwa lisilofanana na majirani zake.

Pili, hata ukibahatisha rangi, kiraka chako ni laini na kilichokizunguka kina vitone. Jicho linakiona hapohapo. Ukisema basi ulainishe picha nzima baadaye, utalainisha na yale maandishi mapya uliyoandika. Herufi zinakuwa kama zimelowa.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: skani kubwa, ondoa vitone, punguza ukubwa, nyoosha, ndipo ufute na kuandika. Usiupindue.

HATUA YA 1: SKANI UPYA

Skani ya zamani yenye mawimbi achana nayo. Mawimbi yakishaingia kwenye picha yenyewe yanakuwa mapana, mapana kuliko hata herufi zako. Ukiyalainisha hadi yaishe, embe nalo limeisha. Kurudi steshenari ni rahisi zaidi.

Chukua lebo ambayo haijabanduliwa. Iliyotoka kwenye chupa imekunjamana na haikai sawa kwenye kioo. Futa kioo kwa kitambaa kikavu. Kisha mwambie mhudumu mambo matatu: rangi kamili, 600 dpi, na faili la PNG au TIFF. Usikubali 300. Kwa vitone vya kawaida vya ofseti, 300 inakupa takriban pikseli mbili kwa hatua, yaani uko mpakani kabisa, na mpakani ndipo mawimbi yanapokaa.

Faili lihamishe kwa flashi. Kama ni lazima WhatsApp, litume kama dokumenti, siyo kama picha.

Lebo ya achari ina sentimita 12 kwa 7. Kwa 600 dpi ilitoka na pikseli 2835 kwa 1654. Ukifungua faili lako ukakuta namba ndogo sana kuliko hesabu yako, ujue lilipunguzwa njiani. Hesabu yenyewe ni nyepesi: sentimita gawanya kwa 2.54, zidisha kwa 600.

Baadhi ya programu za skana zina kisanduku kilichoandikwa Descreening au Descreen. Kazi yake ni hiihii ya kuondoa vitone. Kama huna kompyuta ya kufanyia kazi mwenyewe, mwombe mhudumu akiwashe, itakusaidia. Ila kinalainisha karatasi nzima kwa kipimo chake, na huwezi kurudi nyuma. Mimi napendelea kizimwe, kazi nifanye mwenyewe. Usifanye vyote viwili, picha itakuwa uji.

HATUA YA 2: PIMA VITONE

Fungua faili kwenye GIMP. Ni programu ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hii. Kabla ya yote, weka mwonekano wa 100% kupitia `View > Zoom > 1:1 (100%)`. Hili ni muhimu, kwa sababu ukiitazama picha ikiwa imepunguzwa, kioo chenyewe kinaweza kukuonyesha mawimbi ambayo hayamo kwenye faili. Ukikuza hadi 100% yakapotea, ujue yalikuwa ya kioo. Yakibaki, ni ya faili, rudi hatua ya kwanza.

Sasa kuza hadi 800%. Tafuta sehemu yenye rangi hafifu ambayo vitone vyake vimeachana na vinaonekana kimoja kimoja. Vitone vya njano achana navyo, havionekani vizuri. Chukua vyeusi au vya zambarau-nyekundu. Tumia kifaa cha kupimia, `Tools > Measure`, uvute mstari kutoka katikati ya kitone kimoja, ufuate safu yake, uhesabu hatua kumi. Safu huwa zimeinama, kila wino na mwinamo wake, kwa hiyo fuata mwinamo wa safu, usivute mstari ulionyooka tu.

Kwa lebo ya achari, hatua kumi zilikuwa pikseli 45. Gawanya kwa kumi: hatua moja ni pikseli 4.5. Hiyo ndiyo namba yako, na kazi yote inayofuata inaitegemea.

HATUA YA 3: ONDOA VITONE

Nenda `Filters > Blur > Gaussian Blur`. Utaona visanduku viwili, `Size X` na `Size Y`. Andika nusu ya namba yako kwenye vyote viwili. Kwetu ilikuwa 2.25.

Kwa nini nusu? Ukiweka theluthi ya hatua, vitone vinafifia lakini karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake inabaki, na ukija kuipa picha makali baadaye, vinaamka. Ukiweka nusu, kinachobaki ni chini ya asilimia moja, huwezi kukiona. Ukiweka hatua nzima, vitone vimekwisha kweli, ila umelipia kwa kupoteza nyuzi za embe na ukingo wa kisu bila faida yoyote. Kama chanzo chako ni kipande cha gazeti, vitone vyake huwa vikubwa zaidi. Unaweza kukuta hatua ni pikseli 7, basi weka 3.5. Usinakili namba yangu, pima ya kwako.

Utakapobonyeza `OK`, picha itaonekana imelegea. Usiogope. Bado ni kubwa mara mbili ya unavyoihitaji.

Angalia tena kwa 100%. Mara nyingine vitone vya kila wino vimeondoka, lakini kumebaki vijiduara hafifu kama maua madogo, hasa penye rangi nzito zilizochanganyika. Hayo yanatokana na safu za wino nne zilivyokatana, na ni makubwa kuliko kitone kimoja. Rudi nyuma kwa `Ctrl+Z`, ongeza kidogo. Kwetu, sehemu nyekundu ya ganda la embe ilibaki na vijiduara, tukapandisha hadi 2.8, vikatulia.

HATUA YA 4: PUNGUZA, KISHA NYOOSHA

Sasa nenda `Image > Scale Image`, punguza hadi nusu. Kwenye `Interpolation` chagua `NoHalo` au `Cubic`, usichague `None`. Lebo yetu ikawa na pikseli 1417 kwa 827, ambayo kwa sentimita 12 ni 300 dpi, inatosha kuchapa. Hapa kupunguza hakuleti mawimbi tena, kwa sababu vitone havipo. Chandarua kimebaki kimoja.

Kama lebo ilikaa upande kwenye kioo, inyooshe sasa. Ukiizungusha picha ikiwa bado na vitone, unajitafutia mawimbi mengine.

Kisha rudisha makali kidogo: `Filters > Enhance > Sharpen (Unsharp Mask)`, `Radius` 1 na `Amount` 0.5. Hiki pia ndicho kipimo cha kazi yako. Kama vitone vinarudi kuonekana baada ya makali, hukulainisha vya kutosha. Rudi hatua ya 3.

HATUA YA 5: NDIYO SASA MAANDISHI

Hapa dada akashangaa. "Kumbe herufi za zamani nazo zimelegea!" Ni kweli. Maandishi meusi tupu kwenye ofseti huwa hayana vitone, ni wino uliojaa, kwa hiyo kulainisha kumeyaumiza bila sababu. Jibu siyo kuyapa makali hadi yakwaruze. Jibu ni kuyafuta yote na kuyaandika upya, siyo namba ya simu peke yake. Ukiacha nusu ya zamani na nusu mpya, kila mtu ataona.

Kufuta sasa ni rahisi, maana rangi ni rangi, siyo vitone. Tumia `Clone` au `Heal`. Mandharinyuma ya yule dada yanafifia kuelekea chini, kwa hiyo chungwa la juu halifanani na la chini. Tulinyonya rangi kutoka pembeni ya herufi, kwenye usawa uleule, tukaenda kushoto na kulia. Ukinyonya kutoka juu ukapaka chini, unatengeneza kiraka kilekile tulichokikimbia.

Maandishi mapya yaandike kwa kifaa cha `Text`, ambacho kinayaweka kwenye leya yake yenyewe. Hifadhi faili la XCF ili kesho ukibadilisha namba tena usianze upya. Kwa mchapaji peleka PNG au PDF.

Msimbo mistari nao usiutumie uliotoka kwenye skani. Mistari yake ikilainishwa na kupunguzwa, upana unabadilika, na mashine ya dukani inaweza kugoma kuisoma. Zile za Tanzania huanza na 620. Chukua namba zilizo chini ya mistari, utengeneze mistari mipya, kwa mfano kwenye Inkscape: `Extensions > Render > Barcode > Classic`, aina ya `EAN13`. Kisha uijaribu kwa simu kabla ya kuchapa.

Ubadilishe cha kwako tu, na kilicho kweli. Namba ya simu ni sawa. Tarehe ya kuisha muda, viambato visivyokuwemo, au alama ya TBS ambayo hukupewa, hayo siyo mambo ya GIMP.

MPAKA WAKE

Nisiwadanganye, picha haitarudi kuwa kama faili la awali. Nyuzi ndogo za embe zimepungua, na maandishi madogo sana ya viambato huwezi kuyaokoa, unayasoma kutoka kwenye lebo yenyewe na kuyaandika upya. Rangi nayo inaweza kusogea, kwa sababu skana ina macho yake na printa ina yake. Na kama lebo yako ya zamani ilichapwa kwa printa ya kawaida ya wino wa maji, vitone vyake mara nyingi vimetawanyika bila safu. Hutaona mawimbi, utaona chembechembe tu, na kipimo cha hatua kumi hakitafanya kazi. Hapo anza na 1 kwenye `Gaussian Blur`, panda taratibu.

Jambo la mwisho tulilofanya Kerege lilikuwa kuchapa lebo moja tu, ya ukubwa halisi, kwenye printa ileile itakayochapa zote. Printa nayo inapanga vitone vyake vipya. Vya zamani vingekuwa bado vimo, vingegongana na hivyo vipya na mawimbi yangerudi kwenye karatasi hata kama kwenye kioo hayakuonekana. Tuliibandika kwenye chupa, tukaitoa nje juani, tukaiangalia kwa urefu wa mkono. Embe lilikuwa embe. Nyuma ya namba hapakuwa na mstatili.

Akaagiza 200 kwanza, siyo 400. Faili la XCF liko kwenye flashi yake na nakala kwenye barua pepe yake mwenyewe. Wewe mwenye lebo ya zamani ambayo faili lake hulijui liliko, weka tatu au nne pembeni leo, bapa, ndani ya kitabu, kabla hazijabandikwa zote.